Majina 400 na Namba ya Peter

Nilipochukua laini yangu ya pili ya simu, sikujua kwamba ilikuja na deni. Wiki haikuisha kabla sijapigiwa na dada mmoja mwenye sauti ya upole akimuulizia Peter. Nikamwambia amekosea namba. Kesho yake akapiga kaka, na upole ulikuwa umeisha: "Mwambie Peter alipe, la sivyo tunamfuata." Peter simjui hata kwa sura. Laini ilikuwa yake, akaacha kuitumia, kampuni ya simu ikairudisha sokoni nami nikauziwa. Kwenye jedwali la mtu fulani, Peter bado anaishi ndani ya simu yangu.

Majedwali ya aina hiyo ndiyo malighafi ya biashara ya kukusanya madeni. Mkopeshaji akishashindwa kuwapata wateja wake, huyafungasha majina yao katika faili moja na kulikabidhi kwa wakala: hawa hapa, tafuta namba zinazopatikana, tafuta wanakoishi. Wakala kwa kawaida hulipwa asilimia ya kile atakachorudisha. Asiporudisha kitu, hana malipo.

Tuseme faili lina majina 400. Ofisa makini hagusi simu siku ya kwanza. Anaanza kwa kuondoa yaliyojirudia, kwa sababu mtu aliyekopa mara mbili huonekana kama watu wawili. Zikitoka safu 20, wanabaki 380. Kisha anatenga walio na namba ya kitambulisho na wasio nayo. Tuseme 320 wanayo, na 60 wana jina tupu na simu iliyozimwa. Hapo kazi imegawanyika kabisa. Wale 320 wanatafutika. Wale 60 ni mtego.

Ni mtego kwa sababu jina la mtu kwetu halimtambulishi peke yake. Mary Wanjiku wako wengi, na Mohamed huandikwa Mohammed au Muhammad kutegemea karani aliyekuwa zamu. Fatuma wa kwenye kitambulisho anaitwa Fatma benki. Mwingine amesajili laini yake kwa jina la mke au la mdogo wake, kwa kuwa siku hiyo hakuwa na kitambulisho. Ukilinganisha majina tu, utapata mtu, tena upesi. Tatizo ni kwamba huenda si yule. Wakala mzoefu huogopa zaidi jina lililopatikana kirahisi kuliko lile lililokataa kupatikana.

Wenye vitambulisho wana njia halali. Kenya ina mashirika matatu ya taarifa za mikopo yenye leseni ya Benki Kuu, yaani TransUnion, Metropol na Creditinfo, na mkopeshaji mwenye haki ya kuuliza anaweza kuangalia taarifa ambazo mteja wake aliwapa wakopeshaji wengine. Lakini namba inayotoka huko ina umri wa mkopo wa mwisho. Kama mtu alikopa mara ya mwisho miaka mitatu iliyopita, hiyo ni namba ya miaka mitatu iliyopita, na huenda sasa anaijibu mtu kama mimi.

Anwani ya nyumbani ni kisa kingine. Kwenye fomu nyingi anwani ni sanduku la posta, na sanduku lenyewe ni la shule au la mwajiri wa zamani. Mtu anakaa "nyuma ya kanisa, geti la kijani, uliza keateka." Tanzania ilifanya operesheni ya anwani za makazi mwaka 2022, nyumba zikapewa namba na mitaa ikapewa majina. Hata hivyo kibao kinatambulisha nyumba, na mpangaji huhama bila kukiaga. Ndiyo maana kumpata mtu nyumbani kwake bado ni kazi ya miguu, na miguu inataka nauli.

Hapa ndipo hesabu inapoharibika. Chukua deni la shilingi 3,000 la apu ya mikopo. Kama mkataba unampa wakala asilimia 20, deni lote likilipwa yeye anapata shilingi 600. Toa ripoti ya mikopo, muda wa maongezi, mshahara wa ofisa, kisha pikipiki ya kwenda kuuliza keateka. Kabla geti la kijani halijaonekana, 600 zimekwisha. Deni la gari linabeba gharama ya utafutaji wa haki, lakini deni la unga halibebi.

Wakopeshaji wa apu walipata njia ya bure: orodha ya majina iliyomo ndani ya simu ya mkopaji mwenyewe. Mteja alipoweka apu alibonyeza kukubali, na apu ikanyonya namba za mama mkwe, bosi, mchungaji na fundi bomba. Akichelewa kulipa, hakuna haja ya kumtafuta. Unawapigia hao, aibu inamtafuta kwa niaba yako. Nasema wazi kwamba huo si ukusanyaji wa madeni. Ni kumtwisha asiyekopa gharama ya mkopo uliotolewa kizembe.

Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 kwa wakopeshaji wa kidijitali zilipiga marufuku kuwasumbua watu waliomo kwenye simu ya mteja. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo ina meno: Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza Mulla Pride, yenye apu za KeCredit na Faircash, shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba zilizopatikana kwa watu wengine kutuma jumbe na kupiga simu za vitisho. Nchini Tanzania, ambako mikopo ya aina hii huitwa kausha damu, Benki Kuu ilizifungia apu 69 mwezi Novemba 2024.

Marekani, ambako kutafuta watu kwa orodha ni sekta iliyokomaa, mteja hupakia faili na kurudishiwa namba na anwani kwa bei ndogo kwa kila jina. Sheria yao ya madeni inamruhusu wakala kumpigia mtu wa tatu ili kujua mdaiwa yuko wapi, ila hana ruhusa ya kutaja kwamba kuna deni, na kwa kawaida hapigi mara ya pili. Naona sharti hilo dogo lingetosha kumnyamazisha yule kaka aliyekuwa akimtafuta Peter.

Lakini hata huko lilikuja swali kubwa zaidi: nani anayeuliza? Mwaka 1999, jimboni New Hampshire, kijana mmoja aliilipa kampuni ya upelelezi ya Docusearch dola 109 ili imtafutie mahali anapofanya kazi msichana aliyekuwa akimfuatilia. Kampuni ikampa. Akamsubiri nje ya kazini kwake na kumuua. Mwaka 2003 mahakama kuu ya jimbo hilo iliamua kwamba anayeuza taarifa za mtu ana wajibu wa kuchukua tahadhari kwa ajili ya yule anayeuzwa, hata kama hawajawahi kuonana.

Mawakala niliowasikia wakijivunia kasi yao hawakuwahi kuniambia ni mafaili mangapi waliyoyakataa. Na kwa upande wa wakopeshaji, anayeonja faida ya kweli ni yule anayemaliza utafutaji kabla ya kutoa pesa: kitambulisho kilichohakikiwa, namba mbili, na mdhamini aliyekubali mwenyewe kwa sauti yake.

Nawe ukipigiwa kwa deni la Peter, uliza jina la kampuni na ilikoipata namba yako, kisha andika saa na namba iliyokupigia. Kwa Kenya, malalamiko yakifika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, sheria inampa siku 90 kuyamaliza.