Ikisiri Inadai Nini?

Wito wa kongamano ukishatoka, haupiti muda mrefu kabla ya ujumbe wa jioni kuingia: "Mwalimu, shikamoo. Naomba unipitie ikisiri yangu, mwisho wa kutuma ni kesho." Ni maneno mia tatu hivi. Anayeombwa hufungua faili, hurekebisha upatanisho wa kisarufi, huondoa koma mbili tatu, huandika "iko vizuri" na kuirudisha. Baada ya wiki kadhaa ikisiri inakataliwa, na sarufi yake haina ila.

Msomaji huyo alianzia mwisho. Waandaaji wa kongamano hawaipimi ikisiri kwa koma. Wanataka kujua kama inahusu jambo waliloitia watu, kama ina jipya, na kama hilo jipya linaonekana bila kutafutwa kwa tochi. Maoni yasiyogusa hayo matatu ni usahihishaji wa insha.

Tuchukue mfano, ambao nimeuunda kwa sura ya ikisiri zinazoandikwa kila msimu. Kongamano ni la Kiswahili na mada kuu ni lugha katika mawasiliano ya mtandaoni. Ikisiri inasema hivi:

"Kanga ni vazi muhimu sana katika utamaduni wa Waswahili. Mbali na kusitiri mwili, kanga hubeba maneno yenye ujumbe kwa jamii. Licha ya umuhimu huo, hakuna mtafiti aliyechunguza dhima ya maneno ya kanga katika mawasiliano. Makala hii inakusudia kuchunguza dhima hiyo, hasa katika zama hizi za sayansi na teknolojia. Data zitakusanywa kwa usaili na ushuhudiaji. Nadharia ya Simiotiki itatumika. Inatarajiwa kwamba matokeo yatawanufaisha wanajamii, wanafunzi na watunga sera."

Kabla ya kugusa neno lolote, chukua karatasi uandike: "Mwandishi anadai kwamba…" kisha ujaribu kuikamilisha sentensi hiyo kwa kutumia yaliyomo kwenye ikisiri tu. Hapa utakwama. Utakachopata ni kwamba kanga hubeba ujumbe, jambo ambalo muuza kanga yeyote wa Mtaa wa Uhuru, Dar es Salaam, atakwambia huku akikukatia doti. Kauli isiyoweza kupata mpinzani haijawa dai.

Kushindwa kwako kuikamilisha sentensi ndiyo maoni ya kwanza, na ya maana kuliko yote. Mwambie mwandishi waziwazi: "Nimetafuta dai lako sikuliona. Unasema nini?" Ikiwezekana mpigie simu, maana mara nyingi dai liko mdomoni, karatasini halijafika. Mazungumzo huenda hivi:

"Mwalimu, nachunguza dhima ya maneno ya kanga mtandaoni."

"Hiyo ni kazi uliyoifanya. Umekuta nini?"

"Nimekuta wanawake wanapiga picha jina la kanga, wanaliweka stetasi ya WhatsApp."

"Enhe. Na ina tofauti gani na kulivaa?"

"Ipo, Mwalimu. Ukivaa, mtaa mzima unaona. Stetasi unachagua nani aone. Mmoja aliniambia aliwaficha watu wote, akamwachia wifi yake peke yake."

Hapo simama, mwambie aandike sentensi hiyo sasa hivi, kabla haijapotea kwenye "dhima" na "zama hizi".

Likishapatikana dai, upya wake unaweza kupimwa. Ile kauli ya "hakuna mtafiti aliyechunguza" ndiyo hatari kubwa katika ikisiri nzima, kwani mhakiki anaweza kuwa ndiye mtafiti mwenyewe au mwanafunzi wake. Saida Yahya-Othman aliandika juu ya majina ya kanga na sauti ya wanawake mwaka 1997. Rose Marie Beck alitoa kitabu kizima kwa Kijerumani mwaka 2001 juu ya kanga kama njia ya mawasiliano. Kwa hiyo usimwandikie mwandishi "soma zaidi", maana hiyo haimsaidii mtu mwenye siku moja mkononi. Mtajie kazi, umwambie inasema nini, kisha umwoneshe penye nafasi.

Na nafasi ipo. Jambo linalojulikana sana juu ya kanga ni utata wa mlengwa. Mwanamke akivaa "Hasidi hana sababu" akapita mbele ya jirani yake, jirani akija juu, jibu liko tayari: nimevaa nguo yangu tu, wewe umejihisi. Kanga husema na wote, kwa hiyo hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba alisemwa yeye. Stetasi ya WhatsApp inavuruga mpango huo. Aliyeiweka anaweza kuchagua watazamaji, na kwa kawaida huonyeshwa orodha ya waliofungua. Wifi akigundua kwamba wenzake hawakuiona, kisingizio cha "nimevaa tu" kimekufa. Hilo ni dai. Mtu anaweza kulipinga, akasema wengi hawatumii chaguo hilo, au kwamba wifi hana njia ya kujua wengine wameona nini. Mabishano hayo ndiyo yanayomfanya mhakiki atake kumsikia mwandishi.

Tazama pia jinsi suala la kuoana na mada lilivyojimaliza lenyewe. Ikisiri ya kwanza ilijaribu kuingia kongamanoni kwa "zama hizi za sayansi na teknolojia", maneno yaliyobandikwa ambayo ukiyaondoa hakuna kinachopungua. Kipimo changu ni hicho hicho: futa neno la mada, uone kama hoja inaanguka. Katika dai jipya huwezi kufuta stetasi ukabaki na kitu. Lakini mada siyo yote. Soma wito hadi mwisho, uone muda wa kuwasilisha. Kwa dakika 20, uchambuzi wa hilo moja unatosha, na historia ya kanga inaweza kubaki nyumbani.

Baada ya simu ile, mwandishi akaandika upya:

"Tafiti zimeonesha kwamba jina la kanga humlinda mvaaji kwa sababu mlengwa hatajwi. Makala hii inadai kwamba ulinzi huo hupungua jina linapowekwa kwenye stetasi ya WhatsApp, kwa kuwa mtumaji anaweza kuchagua watazamaji. Kwa kutumia usaili wa wanawake 12 wa Temeke na picha 30 walizoridhia zitumike, makala inaonesha namna wanavyowalenga watu mahususi, na namna walengwa wanavyogundua kuwa wamesemwa wao."

Mengi yameondoka. Nadharia ya Simiotiki imetoka kwa sababu haikuwa na kazi, na ningemtetea mwandishi mbele ya msimamizi yeyote anayedai kila ikisiri itaje nadharia. "Itachunguza" imekuwa "inaonesha". Kuridhia kumetajwa, na hilo si urembo, kwani picha ya stetasi ya mtu ni mali yake na ugomvi wake. Anayepitia bado ana kazi moja: kulinganisha ukubwa wa dai na data. Wanawake 12 wa Temeke hawawezi kubeba "Waswahili", kwa hiyo kichwa cha makala kitaje Temeke.

Yapo mambo asiyoruhusiwa kuyafanya anayepitia. Asimtungie mwandishi matokeo. Kama katika ile simu mwanafunzi angejibu kwamba hajazungumza na mwanamke hata mmoja, swali la "umekuta nini" lisingekuwa na jibu, na kuipamba ikisiri kungekuwa kumtuma akaaibike mbele ya watu. Wapo waandaaji wanaopokea kazi zinazoendelea, na huko anaweza kueleza alichokusanya hadi sasa na kinachoanza kuonekana. Kama hakuna hata hicho, mwambie usiku huo huo asitume, aanze usaili, na asubiri wito wa mwakani.