Mahali Protoni Inaposimama

Protoni inayoingia mwilini kwa kasi hupita katikati ya atomu, na chaji yake huvuta elektroni zilizo kando ya njia. Kila elektroni inayotikiswa au kung'olewa huimegea protoni nishati kidogo. Kwa kuwa protoni ina uzito wa elektroni 1,836 hivi, mivuto hiyo haiipindishi. Huendelea karibu katika mstari ulionyooka huku ikipungua kasi.

Upotevu huo haulingani njia nzima, na hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Protoni yenye kasi kubwa huipita elektroni haraka mno, haipati muda wa kuivuta vya kutosha. Ikipungua kasi, muda wa kuvutana hurefuka na nishati inayotoka huongezeka. Kasi ikishuka hadi nusu, upotevu kwa kila sentimita hukaribia mara nne.

Chukua protoni yenye nishati ya elektronivolti milioni 150 ikiingia kwenye maji, ambayo kwa suala hili hayatofautiani sana na nyama ya mwili. Sentimita ya kwanza huipunguzia milioni 5 na ushee. Ikishapita sentimita 10 bado ina milioni 85 hivi, na zote huisha katika sentimita zisizotimia 6. Milioni 10 za mwisho hutoka ndani ya milimita moja na kidogo. Kisha husimama, karibu sentimita 16 kutoka ilikoingilia. Ongezeko hilo la mwishoni huitwa kilele cha Bragg, kwa jina la William Bragg aliyelibaini kwa chembe za alfa mwanzoni mwa karne ya 20.

Eksirei hazina kikomo cha namna hiyo: hufifia polepole, na nyingine hutokea upande wa pili wa mwili. Ndiyo maana mwaka 1946 mwanafizikia Robert Wilson alipendekeza protoni zitumike kutibu saratani. Kwa kuwa kilele ni chembamba kuliko uvimbe, hutumwa protoni za nishati mbalimbali ili vilele vifuatane na kuujaza uvimbe wote. Gharama yake ni kwamba tishu zilizo mbele ya uvimbe, ngozi ikiwemo, hupata dozi kubwa zaidi.

Ugumu ni kujua kwa hakika protoni itasimama wapi. Picha za CT huonyesha jinsi mwili unavyozuia eksirei, si protoni, na kubadili kipimo kimoja kuwa kingine huleta kosa. Vituo vingi huacha nafasi ya asilimia 3.5 hivi ya kina. Kwa sentimita 16, hiyo ni zaidi ya milimita 5. Mwili nao hubadilika. Uwazi ulio kando ya pua ukijaa kamasi baada ya picha kupigwa, protoni husimama mapema na sehemu ya uvimbe hukosa dozi. Ukiwa ulijaa kisha ukakauka, protoni hupitiliza hadi kwenye tishu nzima zilizo nyuma. Kwa sababu hiyo picha hurudiwa katikati ya matibabu, na kina cha miale hukokotolewa upya.