Gemu Moja, Nyuso Tatu

Mwaka 1990, aliyenunua gemu ya Probotector dukani Ulaya alikabidhiwa roboti wawili wenye bunduki. Waliteremka msituni, wakaruka, wakafyatua risasi, wakapambana na roboti wenzao. Mmarekani aliyekuwa na gemu hiyohiyo nyumbani aliijua kwa jina la Contra, na wapiganaji wake walikuwa binadamu vifua wazi, Bill na Lance. Ramani zilikuwa zilezile, silaha zilezile, hata mahali pa kuviziwa palepale.

Kilichowageuza watu kuwa mashine ni sheria ya Ujerumani Magharibi. Huko bodi ya serikali ya kulinda vijana iliweza kuiingiza gemu katika orodha ya vitu vyenye madhara kwa watoto, kama ilivyoifanyia River Raid mwaka 1984. Kuorodheshwa hakukuwa marufuku kamili, kwani mtu mzima aliruhusiwa kununua. Lakini gemu haikuweza kutangazwa wala kuwekwa rafuni mbele ya watoto, na bidhaa isiyoonekana haiuziki.

Konami, kampuni ya Japani iliyotengeneza gemu hiyo, ilipata njia rahisi. Haikugusa uchezaji, ilibadilisha michoro tu. Mashujaa wakawa roboti, na askari wa adui nao vivyo hivyo, ili anayepigwa risasi asiwe mtu. Majitu ya angani ya hatua za mwisho yaliachwa, maana hayakufanana na binadamu. Toleo hilo halikubaki Ujerumani, bali liliuzwa hata katika nchi jirani zisizokuwa na sheria kama hiyo. Mwaka 1992 roboti walirudi tena katika Super Probotector.

Hata hivyo, Contra ya Marekani nayo haikuwa ya asili. Kisa cha Kijapani kinatokea mwaka 2633, kwenye visiwa vya kubuni vya Galuga. Kitabu cha maelezo cha Marekani kilikihamishia msitu wa Amerika Kusini katika zama zetu, na kikawabandika mashujaa majina ya utani ya Mad Dog na Scorpion. Ndani ya gemu yenyewe hakuna kilichosogea kwa ajili hiyo.

Pengo jingine lilitokana na vifaa. Katriji ya Japani ya mwaka 1988 ilikuwa na chipu ya Konami yenyewe, iliyowezesha matawi kupepea msituni, theluji kuanguka, na ramani kuonyeshwa kati ya hatua. Nje ya Japani, Nintendo ndiyo iliyodhibiti utengenezaji wa katriji, na Contra ikawekwa kwenye bodi ya kawaida isiyo na chipu hiyo. Matawi yakatulia, ramani zikatoweka. Mchezaji wa Marekani alipoteza mapambo hayo bila mkaguzi yeyote kuyakataa, na mwenzake wa Ulaya akayapoteza pamoja na sura za mashujaa.