Shajara Inayovuka Wiki ya Kwanza

Shajara nyingi hukatishwa na ukurasa wa siku ya kwanza. Mtu hujaza kurasa mbili kwa hamu. Siku ya sita anarudi nyumbani amechoka, anaukumbuka urefu ule na kuliacha daftari. Heri kuanza na sentensi moja tu, hata siku yenye mengi.

Sentensi hiyo ifungamanishwe na jambo linalofanyika kila siku. Mwenye duka anayehesabu mauzo jioni aliweke daftari katika droo ya fedha, kalamu ikiwa ndani yake, na aandike kabla ya kufunga: “Jumanne. Mvua tangu saa nane. Mteja wa unga amemaliza deni.” Maneno kama “leo nimechoka” yakijirudia siku tatu mfululizo, ni dalili kwamba hakuna tukio mahususi linalotafutwa.

Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake jijini London, uliochapishwa mwaka 2010, ulikuta kwamba mazoea mapya huchukua takribani siku 66 kukomaa, kwa wengine zaidi sana, na kwamba kuruka siku moja hakuyavunji. Basi siku iliyopita isifidiwe; iandikwe ya leo. Ndiyo maana daftari la kawaida lafaa kuliko lililochapwa tarehe, ambalo huacha kila pengo wazi.