Fahamu: Jumla ya mishahara inavyoweza kufichua mshahara wa mtu mmoja

Tuchukue mfano wa loji ya Karatu yenye kambi Ngorongoro. Kila mwisho wa mwezi, mhasibu huwatumia wakuu wa idara muhtasari wa gharama za mishahara. Fomula ya Excel hujumlisha kila idara peke yake:

```
=SUMIFS(Mishahara!E:E,Mishahara!B:B,A2)
```

Hatari ya kwanza ni faili lenyewe. Ukificha karatasi ya Mishahara, mpokeaji anaweza kuifungua tena. Ukitumia PivotTable, akibofya jumla mara mbili hupata orodha ya mtu mmoja mmoja. Kwa hiyo tuma PDF ya muhtasari pekee.

Hatari ya pili ni idara ndogo. Ikiwa gereji ina fundi mmoja, jumla ya Sh 900,000 ndiyo malipo yake. Kuifuta hakutoshi, kwani ukitoa idara nyingine zote kwenye jumla kuu unaipata. Iunganishe gereji na madereva, na muunganiko huo usibadilike mwezi hadi mwezi.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamtaka mwajiri alinde taarifa hizi.