Duara la Vigeuzi Lisilotulia

Chukua chipu ya CD4069UB, ile yenye miguu 14 ambayo mafundi wengi wa elektroniki wanaifahamu. Ndani yake mna vigeuzi 6. Kigeuzi hapa si ile inveta ya sola inayotoa umeme kwenye betri na kuupeleka kwenye taa za nyumba. Ni geti ndogo yenye kazi moja tu: ukiiingizia volti ya juu inatoa ya chini, ukiiingizia ya chini inatoa ya juu. Inapokea 1 inatoa 0, inapokea 0 inatoa 1. Lakini funga vigeuzi 5 kimoja baada ya kingine, kisha urudishe waya wa kutokea wa kile cha mwisho kwenye mlango wa kuingilia wa cha kwanza. Ukiwasha umeme, volti kwenye duara hilo inaanza kupanda na kushuka mamilioni ya mara kwa sekunde, bila kipande cha kwazi, bila koili, bila kapasita ya kupangia masafa.

Sababu inaonekana vizuri zaidi tukipunguza vigeuzi viwe 3, tuviite A, B na C. Tuseme A inatoa 1. B inaipokea hiyo 1 na kutoa 0. C inapokea 0 na kutoa 1. Sasa hiyo 1 ya C inarudi kwa A, na A iliyopokea 1 haiwezi kuendelea kutoa 1, lazima itoe 0. Ikishatoa 0, B inageuka kuwa 1, C inageuka kuwa 0, halafu habari inamfikia A tena: sasa umepokea 0, toa 1. Kila mara A inapotulia, jibu linalozunguka linarudi kuipinga. Hakuna mpangilio wa 0 na 1 utakaoziridhisha geti zote 3 kwa pamoja, kwa hiyo duara halina mahali pa kupumzika.

Zikiwa geti 4 mambo ni tofauti kabisa. A ikitoa 1, habari inageuzwa mara 3 na kufika kwa A ikiwa 0, nayo A ikipokea 0 inatoa 1, kilekile ilichokuwa inatoa. Wote wamekubaliana, na duara linakaa kimya. Ndiyo maana idadi shufwa haitetemi, bali inashika. Vigeuzi 2 vilivyofungwa hivyo ndivyo moyo wa seli ya kumbukumbu ya haraka iliyo ndani ya prosesa, inayohifadhi 0 au 1 mradi umeme upo.

Idadi witiri basi ndiyo inayoleta ubishi usiokwisha. Kinachoamua ubishi huo uende kwa kasi gani ni kitu kingine: ucheleweshaji wa geti. Kigeuzi hakigeuki papo hapo. Mlango wa kuingilia wa geti inayofuata una uwezo mdogo wa kushika chaji, na transista za geti iliyotangulia lazima ziujaze au ziuondoe chaji hiyo kabla volti haijavuka kiwango cha katikati. Ni kama kujaza ndoo kwa bomba: ndoo ikiwa kubwa unangoja zaidi, bomba likiwa na nguvu unangoja kidogo. Muda huo wa kungoja, ambao wabunifu wa mitambo ya hesabu huuona adui, ndio saa pekee iliyomo ndani ya duara hili.

Rudi kwenye A, B na C uhesabu hatua. Mpaka kila geti irejee pale ilipoanzia, mabadiliko yamezunguka duara mara 2: mzunguko mmoja kila geti inapanda au inashuka, mzunguko wa pili inafanya kinyume. Geti 3 ni hatua 6, geti 5 ni hatua 10. Kwa hiyo masafa ni:

```
f = 1 / (2 × N × t)
```

N ni idadi ya vigeuzi na t ni ucheleweshaji wa kimoja. Geti nyingi hupanda kwa muda tofauti na ule wa kushuka, lakini hilo haliharibu hesabu. Katika kila duru kamili, kila geti hupanda mara moja na kushuka mara moja, basi t ni wastani wa muda huo miwili.

Tuifunge CD4069UB yenyewe. Umeme chanya unaingia mguu wa 14, hasi mguu wa 7. Unganisha mguu wa 2 na wa 3, wa 4 na wa 5, wa 6 na wa 9, wa 8 na wa 11, halafu wa 10 urudi kwenye wa 1. Hilo ndilo duara la vigeuzi 5. Weka kapasita ya nanofaradi 100 karibu kabisa na miguu ya umeme, kwa sababu chipu inavuta mkondo kwa mishtuko, na bila kapasita hiyo volti yake yenyewe itayumba.

Karatasi ya vipimo ya chipu hii inataja ucheleweshaji wa kawaida wa nanosekunde 55 kwa volti 5, na 30 kwa volti 10. Zidisha: 2 × 5 × 55 ni nanosekunde 550, yaani megahezi 1.8 hivi. Kwa volti 10 ni nanosekunde 300, yaani megahezi 3.3. Hujabadilisha waya hata mmoja, umeongeza volti tu. Transista zikipewa volti zaidi mkondo wake huongezeka kuliko chaji inayopaswa kuhamishwa, kwa hiyo geti inageuka upesi.

Usitegemee lakini kwamba kipimo chako kitalingana na hesabu hiyo. Zile nanosekunde 55 zimepimwa geti ikiwa imebebeshwa pikofaradi 50, wakati ndani ya duara kila kigeuzi kinabeba mlango wa jirani yake pamoja na waya mfupi, mzigo ambao kwa kawaida ni mdogo zaidi. Tegemea masafa ya juu kuliko megahezi 1.8. Ukisoma, kwa mfano, megahezi 3 kwa volti 5, geuza hesabu: t ni nanosekunde 33. Huo ndio ucheleweshaji wa kweli katika saketi yako, na hapo ndipo ninapoona uzuri wa jambo hili: geti zimejipima zenyewe.

Kuna mtego mmoja katika kupima. Probu ya oskiloskopu nayo ina pikofaradi zake, na ukiigusisha moja kwa moja kwenye duara unaiongezea geti moja mzigo. Masafa yanashuka kwa sababu ya kupimwa. Ndiyo kazi ya kigeuzi cha 6 kilichobaki. Unganisha mguu wa 10 na wa 13 pia, kisha pima kwenye mguu wa 12. Mzigo wa probu utabebwa na kigeuzi kilicho nje ya duara.

Viwanda vya chipu hutumia njia hiyohiyo. Geti ya kisasa inaweza kugeuka kwa pikosekunde 10 hivi, muda mfupi mno kupimwa geti moja moja. Wabunifu huchora duara refu, tuseme la geti 101. Duru yake inakuwa pikosekunde 2,020, sawa na megahezi 495, kisha kihesabu kinagawanya masafa hayo mpaka chombo cha kawaida kiweze kuyasoma. Duara la namna hii likienda polepole kuliko lilivyotarajiwa, mafundi wanajua transista za bamba hilo la silikoni zimetoka dhaifu.

Kama saa, duara hili halifai. Volti ikiyumba masafa yanayumba, na katika chipu kama ya CD4069UB joto likipanda yanashuka. Ukitaka kutunza muda nunua kwazi. Ukitaka kujua geti zako zina kasi gani, kwa volti hiyo na joto hilo, funga duara, na kila ukiandika masafa andika volti na joto pembeni yake. Bila hivyo namba hiyo haina maana.