Rimu iliyoisha kabla ya hesabu

Nilipofungua duka la kuchapa Kashikishi, wilayani Nchelenge, daftari langu la vifaa lilikadiria kwamba kila kazi inakula karatasi 10. Kwa hiyo rimu moja ya karatasi 500 ingetosha kazi 50. Ikaisha kwenye kazi ya 38, na mteja amesimama kaunta akisubiri boti ya kwenda Kilwa, ng'ambo ya Ziwa Mweru.

Nikazihesabu upya kwa aina. Kazi 28 zilikuwa nakala za vitambulisho vya wachuuzi, karatasi mbili kila moja, jumla 56. Kumi zilikuwa ripoti za kujalidi za karatasi 42, jumla 420. Zilizobaki 24 ziliharibika. Masika karatasi iliyoachwa wazi hunyonya unyevu, hujikunja na kukwama mashineni. Sasa rimu hukaa ndani ya kifungashio chake.

Tangu hapo kila aina ya kazi ina mstari wake. Nikiandika ripoti moja imekamilika, natoa karatasi 42, pete moja ya plastiki na majalada mawili.

Wino wa unga ndio mjanja zaidi. Kopo la kurasa 2,000 hupimwa kwa maandishi yanayofunika asilimia 5 tu ya ukurasa. Kitambulisho kilichonakiliwa kifuniko kikiwa wazi hutoka na kingo nyeusi. Kikifunika asilimia 20, nakihesabu kurasa nne. Siku hizi kifuniko nakifunga.